Ripoti ya mnada wa Google Ads: amepanda mshindani, au umeshuka wewe?

Kila mtu anapoandika kitu kwenye Google, mnada mdogo hufanyika kuamua matangazo gani yaonekane na yapangwe vipi. Ripoti ya `Auction insights` ndani ya Google Ads inakuonyesha ni tovuti zipi zilizoingia kwenye minada ileile uliyoingia wewe, mlikutana mara ngapi, na nani alikaa juu ya nani. Wengi huifungua, huona mshindani fulani amewazidi, kisha hukimbilia kupandisha dau. Mara nyingi pesa hiyo hupotea bure, kwa sababu mshindani hakusogea hata kidogo. Aliyesogea ni mwenye ripoti.

Mwongozo huu unahusu kazi moja tu: kutumia ripoti hiyo kujua nani hasa amesogea. Nitatumia mfano wa kampuni ya kupandisha wageni Kilimanjaro, yenye ofisi Moshi, inayotangaza Uingereza kwa maneno kama `climb kilimanjaro` na `lemosho route`. Namba zote ni za kufundishia, lakini mwenendo wake ni ule utakaoukuta kwenye akaunti halisi.

Hatua ya 1: Punguza eneo unaloliangalia

Usiifungue ripoti kwa akaunti nzima. Akaunti ya kampuni yetu ina kampeni ya jina lake yenyewe, ya Kilimanjaro, ya safari za Serengeti, na ya Zanzibar. Ukizichanganya, mshindani wa hoteli za Nungwi atajipanga kwenye jedwali moja na mshindani wa kupanda mlima, na asilimia utakazoziona hazitamhusu yeyote kati yao. Kampeni ya jina lako ndiyo inayopotosha kuliko zote, kwa sababu kwenye jina lako karibu kila mara uko wa kwanza, na hilo linapandisha wastani wako kiasi cha kukufanya ujione uko salama.

Chukua kampeni moja yenye nia moja na nchi moja. Kama kampeni ina nchi nyingi ndani yake, ni vigumu kujua mshindani anakusumbua wapi, na hapo dawa ni kuzitenganisha kampeni zenyewe.

Hatua ya 2: Fungua ripoti na uchague tarehe

Kwenye menyu ya kushoto ingia `Campaigns`, kisha `Insights and reports`, kisha `Auction insights`. Ukitaka ya kampeni moja au kundi moja la matangazo, litie alama kwanza kwenye orodha yake halafu bofya `Auction insights`. Unaweza hata kuifungua kwa neno moja la utafutaji, mradi neno hilo lina shughuli ya kutosha. Lisipokuwa nayo, jedwali litabaki tupu, na hapo uongeze siku au urudi ngazi ya kundi.

Kwa tarehe, chagua vipindi viwili vyenye urefu sawa na vinavyoanza siku ileile ya wiki. Wiki nne kwa wiki nne zinatosha kwa biashara ya utalii. Ukilinganisha siku tatu na siku tatu utakuwa unasoma kelele tu.

Hatua ya 3: Kila safu, jiulize ni asilimia ya nini

Hapa ndipo watu huteleza, kwa hiyo tutakaa kidogo. Safu za ripoti zinafanana kwa sura, zote ni asilimia, lakini kila moja inagawanywa kwa kitu tofauti.

`Impression share` kwenye mstari wako, ule ulioandikwa `You`, ni maonyesho uliyopata, yaani mara tangazo lako lilipoonekana, ukigawanya kwa maonyesho ambayo Google inakadiria ulistahili kuyapata. Kwenye mstari wa mshindani, asilimia hiyo inahesabiwa ndani ya minada ambayo wewe pia ulikuwa unashindania. Kwa hiyo haikuambii ukubwa wa mshindani sokoni. Jukwaa kubwa la safari linalotangaza Afrika nzima linaweza kuonyesha asilimia 15 kwako, na ikawa sahihi kabisa, kwa sababu kwako linagusa kona ndogo tu.

`Overlap rate` inahesabiwa ndani ya maonyesho yako wewe. Ni kati ya mara zote tangazo lako lilipoonekana, mara ngapi na la mshindani lilionekana. Mara ambazo hukuonekana hazimo humu kabisa, na hili tutalirudia kwa sababu lina mtego.

`Position above rate` ni finyu zaidi: inahesabiwa ndani ya zile mara mlizokutana tu. Mshindani mwenye asilimia 90 hapa na asilimia 11 kwenye `Overlap rate` anakupita karibu kila mkikutana, ila hamkutani sana. Si wa kukunyima usingizi.

`Top of page rate` na `Abs. Top of page rate` zinasema maonyesho ya mtangazaji huyo yalikuwa mara ngapi miongoni mwa matangazo ya juu, na mara ngapi yalikuwa ya kwanza kabisa. Zinagawanywa kwa maonyesho yake mwenyewe, kwa hiyo mtu anayeonekana mara chache lakini juu kila mara atakuwa na namba nzuri. Safu hizi ndizo zilizobaki kukueleza mahali pa tangazo, maana ile ya wastani wa nafasi iliondolewa na Google Septemba 2019.

Mwisho `Outranking share`. Inahesabu mara ulizokuwa juu ya mshindani, pamoja na mara ulizoonekana na yeye hakuonekana, na kuzigawanya kwa minada yote uliyoshiriki. Safu hii imebeba mambo matatu kwa pamoja: sehemu yako ya maonyesho, kukutana kwenu, na nani yuko juu mkikutana. Ndiyo maana ikishuka haikuambii chochote mpaka uipasue.

Hatua ya 4: Ipasue

Pakua vipindi vyote viwili na uvifungue kwenye Eksel. Weka `Impression share` yako kwenye safu B, `Overlap rate` ya mshindani C, `Position above rate` yake D, na `Impression share` yake E. Kisha andika:

```
=B2*(1-C2*D2)
```

Jibu litakaribia sana `Outranking share` iliyoandikwa na Google kwa mshindani huyo. Tofauti ndogo inatokana na kukadiria desimali. Mantiki yake ni nyepesi: mara zote ulizoonekana, toa zile ulizokutana naye na akakaa juu yako. Faida ya kuiandika upya ni kwamba sasa unaweza kubadilisha kipande kimoja na kuviacha vingine, ukaona ni kipi kilichosababisha anguko.

Kabla ya hapo safisha jambo moja. Mshindani mwenye `Impression share` chini ya asilimia 10 huandikwa `< 10%` kwenye safu hiyo, na hayo ni maandishi, si namba, kwa hiyo fomula yoyote inayoitumia itagoma. Usiweke 0 wala 5 ili kuilazimisha ifanye kazi. Mtoe kwenye hesabu na umwandike pembeni.

Hatua ya 5: Mfano wa kampuni ya Moshi

Novemba, kampeni ya Kilimanjaro ilikuwa na sehemu ya maonyesho ya asilimia 60. Mshindani mkuu, tumwite B, mwendeshaji mwingine wa hapohapo Moshi, alikuwa na `Overlap rate` 50 na `Position above rate` 40. `Outranking share` dhidi yake ilikuwa 48.

Januari inakuja. `Outranking share` dhidi ya B imeshuka hadi 33. Meneja anaona pointi 15 zimeondoka na anasema B ameongeza pesa. Tutazame vipande. B sasa ana `Overlap rate` 52 na `Position above rate` 41. Amesogea pointi moja mbili tu, ambazo hata wiki ya kawaida hutoa. Lakini mstari wa `You` umetoka 60 hadi 42.

Rudisha 60 kwenye fomula na uziache namba za B za Januari: zidisha 0.52 kwa 0.41, toa jibu kwenye 1, kisha zidisha kwa 0.60, unapata takriban asilimia 47. Yaani kama kampuni ingebaki na sehemu yake ya maonyesho, `Outranking share` ingeshuka kwa pointi moja. Zile 14 nyingine hazimhusu B hata chembe.

Basi ziliondoka vipi? Rudi kwenye orodha ya kampeni, ongeza safu mbili ambazo majina yake yanaanza na `Search lost IS`, ambapo IS ni kifupi cha `Impression share`, moja ya bajeti na nyingine ya daraja la tangazo, yaani uzito ambao dau na ubora wa tangazo vinakupa kwenye mnada. Novemba, maonyesho yaliyopotea kwa bajeti yalikuwa asilimia 8 na kwa daraja 32. Januari, kwa bajeti ni 27 na kwa daraja 31. Daraja halijabadilika. Kilichobana ni bajeti.

Na bajeti haikupunguzwa na mtu. Gawanya maonyesho ya kila kipindi kwa sehemu ya maonyesho, utapata ukubwa wa soko ulilostahili. Novemba maonyesho 3,000 kwa asilimia 60 ni soko la 5,000. Januari maonyesho 2,940 kwa asilimia 42 ni soko la 7,000. Januari ni wakati Waingereza wengi wanapanga likizo zao za mwaka, kwa hiyo utafutaji umepanda na pesa ileile imenunua karibu maonyesho yaleyale. Meneja angepandisha dau kumfukuza B, kila mbofyo ungekuwa ghali zaidi, bajeti ingebana zaidi, na sehemu ya maonyesho ingeshuka tena. Angejikuta amefanya kinyume cha alichokusudia.

Hatua ya 6: Angalia kama wamesogea wote au mmoja

Kipimo cha haraka, ambacho nakipenda kuliko vyote kwa sababu hakihitaji hesabu: shuka na safu ya `Position above rate` ukilinganisha vipindi viwili. Ikiwa imepanda kwa karibu kila mshindani kwa pamoja, umeshuka wewe. Haiwezekani washindani saba waamke wiki moja na kupandisha dau. Fungua `Change history` uone ulibadilisha nini: lengo la gharama, tangazo, au ukurasa wa kutua, yaani ule anaoufikia mtu akibofya tangazo. Ikiwa imepanda kwa mmoja na wengine wamebaki pale walipokuwa, basi huyo mmoja ndiye aliyesogea.

Ipo hali moja inayodanganya. Ukifanikiwa kuongeza sehemu yako ya maonyesho, unaingia kwenye minada migumu uliyokuwa ukishindwa kuingia mwanzo, na humo unakaa chini. `Position above rate` za wengine zitapanda ingawa umepiga hatua. Kwa hiyo soma safu hii ukiwa na jicho moja kwenye mstari wa `You`.

Kwa kampuni yetu, B hajasogea. Ila kuna C. Novemba alikuwa `< 10%`. Januari ana sehemu ya maonyesho 31, `Overlap rate` 38 na `Position above rate` 68. Huyu ni mgeni wa kweli. Na alama zake zinaonekana kwenye mstari wa kampuni yenyewe: `Abs. Top of page rate` imetoka 35 hadi 24. Angalia kwamba haikuwa kwa kusukumwa nje ya ukurasa, maana upotevu wa daraja haukupanda. C ameketi juu tu.

Hatua ya 7: Gawa kwa kifaa na kwa wiki

Bofya `Segment`, chagua kifaa. C kwenye simu ana `Position above rate` 81, kwenye kompyuta 39. Mtu angesema C ana nguvu ya simu. Kabla ya kusema hivyo mtazame B: kwenye simu 52, kwenye kompyuta 22. Naye anakupita zaidi kwenye simu, na ukifungua Novemba unakuta alikuwa hivyohivyo, 51 na 22. Kwa hiyo udhaifu wa simu ni wa kampuni na ni wa siku nyingi. C amekuja akaufunua.

Dawa ya kwanza hapa haiko kwenye dau. Fungua ukurasa wa kutua kwenye simu ya kawaida, kwa data ya kawaida, uone kama picha za kilele zinachukua muda kufunguka na kama fomu ya kuomba bei inajazika kwa kidole. Kwenye orodha ya maneno ongeza safu ya `Landing page exp.`; ikisoma `Below average` unayo sababu mkononi, ingawa safu hiyo haitenganishi simu na kompyuta.

Kisha rudia kugawa kwa wiki badala ya kifaa. C aliingia taratibu au kwa kishindo? Aliyeruka kutoka chini ya 10 hadi 31 ndani ya wiki moja huenda anajaribu kampeni mpya, na baadhi ya hao hupungua pesa zikiisha. Mimi humpa mgeni wa namna hiyo wiki tatu hivi kabla ya kubadilisha chochote kwa ajili yake. Anayepanda pole pole kila wiki ndiye wa kumchukulia kwa uzito.

Ukitaka kuona anachotangaza, usitafute mwenyewe ukiwa Moshi. Google itakuonyesha matangazo ya mtu aliye Tanzania. Tumia `Ad Preview and Diagnosis` ukiweka Uingereza na simu. Pia `adstransparency.google.com` iko wazi kwa kila mtu: andika tovuti ya C uone matangazo yake.

Hatua ya 8: Mshindani msiyekutana naye

Nimesema `Overlap rate` haihesabu mara ambazo hukuonekana. Huo ndio mtego. Mshindani D, jukwaa la kulinganisha safari, ana `Overlap rate` 22 tu, na kwa sababu hiyo watu humruka. Lakini `Impression share` yake ni 40. Kama mkikutana ni mara chache na bado anaonekana kwa asilimia 40 ya minada yako, anaonekana wapi? Fomula ya pili inajibu:

```
=(E2-B2*C2)/(1-B2)
```

Inatoa maonyesho yake mliyokuwa pamoja, na kuyagawa yaliyobaki kwa minada ambayo wewe hukuonekana. Kwa D: 0.40 toa 0.42 mara 0.22, gawanya kwa 0.58, ni asilimia 53 hivi. Ulipo, yupo mara moja kati ya tano. Usipokuwepo, yupo zaidi ya nusu. Kwa C jibu ni 26 dhidi ya `Overlap rate` 38, kinyume kabisa: C anafuata utafutaji uleule unaoushinda wewe. Jibu likitoka hasi au likizidi 1, umechanganya mistari au vipindi.

Kumjua D zaidi, fungua ripoti kwa kila kundi la matangazo. Mara nyingi utakuta jukwaa la aina yake limejaa kwenye maneno mapana kama `climb kilimanjaro`, na kwenye `lemosho route` halionekani au ni `< 10%`. Kwa bajeti iliyobana, ningemwachia D sehemu ya maneno mapana na kuhakikisha kundi la njia mahususi halikosi pesa hata siku moja, kwa sababu anayetaja Lemosho au Machame amekwisha amua kupanda na anatafuta wa kumpandisha. Kama kampeni moja ina makundi yote mawili chini ya bajeti moja, yatenganishe ili neno pana lisile chakula cha jingine.

Ripoti hii haiwezi kukuambia nini

Haisemi mshindani analipa kiasi gani wala analenga maneno gani. Kuonekana kwake kwako hakumaanishi ana maneno yako, maana neno lake pana linaweza kumwingiza kwenye utafutaji ulioulenga wewe kwa neno kamili. Inataja tovuti, si kampuni, hivyo mwenye tovuti tatu ataonekana mistari mitatu, na mawakala wanaopeleka watu kwenye tovuti moja wataonekana kama mtu mmoja. Kwenye kampeni za bidhaa za dukani, yaani `Shopping`, hutapata safu za nafasi kabisa, ni `Impression share`, `Overlap rate` na `Outranking share` tu. Fomula ya kwanza unaweza kuigeuza hapo: gawanya `Outranking share` kwa `Impression share` yako, toa jibu kwenye 1, na utapata mara ngapi alikuwa juu yako kati ya maonyesho yako yote.

Hifadhi faili la kila mwezi kwa jina la kampeni na tarehe, na kando ya kila faili andika mistari miwili: bajeti ya siku ilikuwa kiasi gani, na ni kitu gani kilibadilishwa kwenye kampeni mwezi huo. Januari ijayo, `Outranking share` ikianza kushuka, faili la kwanza la kufungua ni la Januari hii.